Kupokea tuzo kwa dakika moja: shukrani zisizosikika kama orodha

Orodha hutambulika kwa sikio kabla ya kuhesabiwa. Mtu akianza "ningependa kumshukuru fulani, pia nimshukuru fulani, bila kumsahau fulani", sauti hupanda kidogo kwenye kila jina, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na ukumbi mzima hujua kwamba kilichobaki ni kusubiri jina la mwisho. Majina yenyewe hayana kosa. Kosa ni kwamba yote yamening'inizwa kwenye kitenzi kimoja, kushukuru, na kitenzi hicho hakisemi mtu alifanya nini. Wasikilizaji hawapewi cha kushika.

Orodha ndefu ina hasara nyingine ambayo wengi huigundua wakishateremka jukwaani. Ukitaja watu 12, wa 13 amesahaulika, na kila aliyemo ukumbini anaona hivyo. Ukitaja watu watatu na kusema kila mmoja alifanya nini, hakuna anayejihesabu kuwa ameachwa, kwa sababu hukudai kwamba unawamaliza wote. Anayejaza majina ili asimuudhi mtu ndiye anayejiweka kwenye hatari ya kuudhi.

Kwa hiyo dakika moja inatosha watu watatu. Wanne wanawezekana kama mmoja wao anachukua sentensi fupi. Watano ni orodha, hata ukizipamba sentensi namna gani.

Hatua ya kwanza: waulize waandaaji

Kabla ya kuandika chochote, uliza mambo matatu. Saa inaanza kuhesabiwa lini: jina lako linapotajwa, au unapotamka neno la kwanza? Kama ni jina linapotajwa na umekaa safu ya nyuma, unaweza kupoteza sekunde 15 au 20 kwa kutembea na kupeana mikono, na hotuba yako ya dakika ikawa ya sekunde 40. Pili, maikrofoni ni ya kushika au imesimama? Ukishika maikrofoni mkono mmoja na tuzo mkono mwingine, huna mkono wa kushikia kikaratasi. Tatu, itifaki inatajwa na nani? Mshereheshaji akiwa ameshawatambua wageni wote, wewe huna haja ya kurudia vyeo. "Itifaki imezingatiwa" inatosha, na mara nyingi hata hiyo haihitajiki.

Kama umeteuliwa tu na hujui kama utashinda, fanya kazi hii yote vilevile. "Sikutegemea, kwa hiyo sikujiandaa" ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuangukia orodha, maana akili iliyoshtuka hushika kile kilicho rahisi kukumbuka, na kilicho rahisi ni majina.

Hatua ya pili: pima dakika kwa Kiswahili

Miongozo mingi inasema dakika moja ni maneno 130 hadi 150. Hesabu hiyo ni ya Kiingereza. Kiswahili huunganisha mengi katika neno moja: "hakuninyang'anya" ni neno moja lenye mtendaji, ukanusho na mtendewa ndani yake, na linachukua muda wa maneno matatu au manne ya Kiingereza. Ukiandika maneno 140 ya Kiswahili utavuka dakika bila shaka, labda kwa sekunde 20. Anza na maneno 90 hadi 100, kisha yapime kwa saa. Lengo la mazoezini ni sekunde 50. Sekunde 10 zinazobaki zitaliwa na makofi, na pumzi, na jina ambalo utalitamka taratibu kuliko ulivyopanga.

Mgao unaofaa ni takriban hivi: sekunde 5 za kufungua, 30 za wale watu watatu, 15 za kundi lililobaki na kufunga. Ukiona ufunguzi umekula sekunde 15, ujue kuna "nina furaha kubwa isiyo kifani kusimama mbele yenu" ndani yake. Ifute. Furaha yako wanaiona usoni.

Hatua ya tatu: tafuta tendo, siyo mchango

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo panapostahili muda wako mwingi. Chukua karatasi, andika kila mtu anayekujia kichwani, bila kuchuja. Wakifika 20, sawa. Mbele ya kila jina andika jambo moja alilofanya ambalo mtu mwingine angeweza kuliona kwa macho au kulisikia kwa masikio. "Aliniunga mkono" halionekani. "Alinipa moyo" halionekani. "Alinipigia simu kila Jumapili jioni mpaka nikamaliza ripoti" linaonekana: kuna simu, kuna siku, kuna mwisho wake.

Kwenye baadhi ya majina kalamu itasita. Huyo mkurugenzi unamheshimu, lakini ukitafuta tendo lake moja hulipati. Basi hayumo kwenye watu watatu; anaingia kwenye kundi, na humkosei heshima. Kwa wengine tendo litakuja kabla hujamaliza kuandika jina. Hao ndio watu wako.

Wakibaki watano au sita, wapitishe kwenye swali hili: asingekuwepo, ni kitu gani hasa kisingetokea? Anayebaki na jibu lenye uzito anakaa. Kisha angalia kama kuna mmoja miongoni mwao ambaye ukumbi hautarajii kumsikia. Kila mtu anategemea utamtaja bosi na mwenza wako. Mlinzi wa usiku aliyekuwa akikufungulia maabara saa kumi na moja alfajiri hakuna anayemtegemea, na akitajwa, watu huacha kuongea na jirani zao.

Angalizo moja: tendo liwe lile ambalo mhusika mwenyewe angeridhika lisikike hadharani. Kusema kwamba fulani alikukopesha fedha, au alikuuguza ulipokuwa katika hali mbaya, au alikuvumilia mlipogombana, kunaweza kumwaibisha yeye au mtu wa tatu. Ukiwa na shaka, muulize kabla. Na muulize pia angependa aitweje jukwaani. Wapo wanaotaka cheo, wapo wanaotaka "dada" au "mzee", na wapo ambao jina lao la kazini silo wanaloitwa nyumbani.

Hatua ya nne: zipe sentensi tatu maumbo matatu

Hata ukiwa na matendo mazuri, ukiyapanga kwa umbo moja, orodha inarudi. "Namshukuru A kwa kunifundisha. Namshukuru B kwa kunilelea watoto. Namshukuru C kwa kufanya usafi." Ni mahudhurio yaleyale, ila sasa yana maelezo. Kinachoondoa mdundo huo ni kubadili ujenzi wa sentensi kutoka mtu hadi mtu.

Umbo la kwanza ni tendo kwanza, jina mwisho. Unasimulia kilichotokea bila kumtaja aliyefanya, kisha unamtaja. Kwa sekunde kadhaa ukumbi unajiuliza ni nani, na mhusika anajitambua kabla ya wengine. Umbo hili ndilo linalobeba uzito mkubwa, basi lipe mtu wa kwanza na usilirudie. Mara ya pili linakuwa kitendawili kinachochosha.

Umbo la pili ni kumgeukia mtu na kusema naye: "Dada, wewe…" Linafaa tu kama yumo ukumbini na unajua amekaa wapi. Kumzungumzisha mtu ambaye hayupo huku unaangalia hewani huonekana kama maigizo.

Umbo la tatu ni sentensi moja fupi, jina na tendo, kwa pumzi moja. Hili linampumzisha msikilizaji.

Kitenzi "kushukuru" kitumie mara moja, mbili ukizidiwa. Tendo likisimuliwa vizuri, shukrani inasikika yenyewe. Na misemo hii mitatu ikiingia, itoe: "bila kumsahau", "wa mwisho lakini si kwa umuhimu", na "nisiwachoshe". Wa kwanza unakiri kwamba ulikuwa karibu kumsahau. Wa pili unatangaza kwamba kuna orodha. Wa tatu unawakumbusha watu kwamba wamechoka.

Mfano mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho

Tuseme mshindi ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti, na amepewa tuzo ya muuguzi bora wa mwaka. Majina yaliyomo humu ni ya mfano. Rasimu yake ya kwanza, kama zilivyo rasimu nyingi za kwanza, ni hii:

"Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia uzima. Pili naushukuru uongozi wa hospitali, daktari mkuu, matroni, wauguzi wenzangu wote, familia yangu, hususan dada yangu Asha, bila kumsahau Sista Rehema kwa mchango wake mkubwa na Mzee Juma wa idara ya usafi. Wa mwisho lakini si kwa umuhimu, waandaaji wa tuzo hii. Mungu awabariki nyote."

Hakuna uongo hapo, wala hakuna la kukumbuka. Ukifunga macho ukaisikiliza, huoni wodi, huoni mtoto, na huwezi kubashiri kama aliyeshinda ni muuguzi au mhasibu.

Anapokaa na karatasi yake, kwa Sista Rehema kinatokea kisa cha sindano. Kwa dada yake kinatokea kisa cha watoto kulala kwake. Kwa Mzee Juma inatokea ndoo. Kwa daktari mkuu na matroni haitokei picha yoyote, ingawa anawaheshimu. Waandaaji anawatosheleza kwa "ahsanteni" ya kwanza, maana wao ndio waliosimama mbele yake. Rasimu ya pili inakuwa hivi:

"Ahsanteni sana. Mshipa wa mtoto njiti ni mwembamba kama uzi. Mwezi wangu wa kwanza wodini niliukosa, mikono ikaanza kutetemeka. Aliyesimama nyuma yangu hakuninyang'anya sindano. Aliniambia, 'Pumua, kisha ujaribu tena.' Huyo ni Sista Rehema. Dada Asha, umekaa pale nyuma. Zamu zangu zote za usiku wanangu wamelala kwako, na hujawahi kuniuliza nitarudi saa ngapi. Na Mzee Juma wa usafi anadeki wodi yetu usiku bila ndoo kugonga sakafu, watoto wasishtuke. Wenzangu wa wodini, tuzo hii itakaa kwenye meza yetu ya zamu, si nyumbani kwangu. Namshukuru Mungu kwa kila mtoto aliyetoka kwetu mikononi mwa mama yake. Ahsanteni."

Hayo ni maneno 93. Angalia yaliyofanyika. Kitenzi "kushukuru" kimetokea mara moja tu, na kimetengewa Mungu. Kama kwako shukrani hiyo ni ya lazima kuanza, ianze, mradi iwe na kitu chake mahususi na isiwe ile ya kila mtu. Wenzake hawakutajwa mmojammoja, lakini wamepewa kitu: mahali tuzo itakapokaa. Kundi likipewa kitu halisi halijioni limefagiwa pamoja. Ahadi hiyo lakini itimizwe. Wenzako watatazama meza kesho yake.

Mpangilio wa watu nao una sababu. Dada yake ndiye anayeweza kumtoa machozi, kwa hiyo amewekwa katikati. Angekuwa wa kwanza, sauti ingekatika kabla hotuba haijasimama. Angekuwa wa mwisho, isingefungika. Katikati, ana ndoo ya Mzee Juma ya kumvusha: ni sentensi nyepesi, inaleta tabasamu, na koo linafunguka.

Kuna lililobaki la kukata. Ukiipima rasimu hii ikakutoka kwa sekunde 62, usianze kukimbiza maneno. Toa "mikono ikaanza kutetemeka", au toa "umekaa pale nyuma" na umwangalie tu unapotaja jina lake. Usitoe "Pumua, kisha ujaribu tena". Maneno halisi aliyosema mtu ni kitu cha mwisho kukatwa.

Hatua ya tano: kariri picha, siyo maneno

Hotuba iliyokaririwa neno kwa neno ina dalili zake. Macho hupanda juu kama yanayosoma dari, kasi haibadiliki, na ukisahau neno moja mnyororo wote unakatika. Hapo mtu hurudi mwanzo wa sentensi, na ukumbi unajua kwamba alikuwa anasoma kichwani.

Andika rasimu nzima, isome mara tatu kwa sauti, kisha iweke pembeni. Kwenye kikaratasi cha ukubwa wa kiganja andika maneno manne tu: sindano, Asha, ndoo, meza. Halafu sema hotuba ukitazama maneno hayo, ukiacha sentensi zije zitakavyo. Kila mara zitatofautiana kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya usikike kama mtu anayeongea. Sentensi mbili tu zikariri barabara: ya kwanza, kwa sababu utaisema ukiwa na mshtuko, na ya mwisho, kwa sababu asiyejua atakavyomaliza huendelea kuongea mpaka anaanza kutaja majina.

Kikaratasi chukua hata kama huhitaji. Kiwe kigumu kidogo, maana karatasi laini hutetemeka pamoja na mkono na huonekana mpaka safu ya nyuma. Usisome kwenye simu: skrini hujizima, mwanga wake hukupiga usoni, na ujumbe unaweza kuingia katikati ya jina la mama yako.

Hatua ya sita: mazoezi ya kusimama

Fanya mazoezi mara sita au saba, zisizidi kumi. Ukizidisha, maneno yanaanza kuganda na unarudi kwenye kukariri. Simama, shika chupa ya maji iliyojaa mkono mmoja badala ya tuzo, washa saa. Mara mbili kati ya hizo, panda ngazi kwanza ukaanze ukiwa unahema, kwa sababu hivyo ndivyo pumzi yako itakavyokuwa jukwaani. Utashangaa jinsi sentensi ndefu inavyokatika mahali pasipofaa. Inapokatika, igawe mara mbili pale pale.

Jirekodi mara moja na usikilize bila kutazama. Unachotafuta ni majina: je, sauti inapanda kwenye kila moja kwa namna ileile? Kama ndiyo, umbo la sentensi halijabadilika vya kutosha, rudi hatua ya nne. Jina liwe mahali ambapo sauti inatua, na baada yake kuwe na kimya cha kama sekunde moja. Jina lililokimbizwa ni sawa na jina lisilotajwa.

Jukwaani

Pokea tuzo, simama, weka miguu sawa, kisha pumua kabla ya neno la kwanza. Sekunde mbili hizo wewe utaziona kama saa nzima. Ukumbi hautaziona kabisa. Kama kuna meza ya kuhutubia, weka tuzo juu yake na ubaki na mikono. Ukiwa na maikrofoni ya mkononi, iache karibu na kidevu na isogee na kichwa chako: kosa la kawaida ni kumgeukia Dada Asha huku maikrofoni ikibaki pale pale, na jina lake ndilo linalopotea.

Makofi yakija katikati, subiri yapungue nusu ndipo uendelee. Ukisubiri yaishe kabisa, mwendo unapoa. Ukisema juu yake, hakuna anayesikia. Sauti ikikatika kwa machozi, funga mdomo, vuta pumzi kwa pua, tazama kikaratasi, endelea na neno linalofuata. Usiombe radhi, na usirudie sentensi iliyokatika, wameshaielewa.

Ukiona umesahau mtu wa tatu, nenda moja kwa moja kwenye neno "meza" la kikaratasi chako, kisha sentensi ya mwisho. Hakuna aliyejua kwamba yumo. Kibaya ni kumkumbuka ukiwa umeshasema ahsanteni, ukarudi kwenye maikrofoni na "na pia jamani…". Hapo umefungua orodha, na wa nne na wa tano watafuata.

Mwigizaji wa filamu Greer Garson, alipopokea Oscar yake mwaka 1943, alizungumza kwa zaidi ya dakika tano, na mpaka leo hotuba hiyo inatajwa kwa urefu wake. Upande wa pili kuna tuzo za Webby za kazi za mtandaoni, ambako mshindi anaruhusiwa maneno matano tu, na bado watu hupata la kusema.

Usiku uleule

Majina mengine yote uliyoandika kwenye ile karatasi ya kwanza bado yanakudai. Kabla hujalala, au kesho yake asubuhi, mtumie kila mmoja ujumbe wa sentensi mbili: tuzo imepatikana, na lile tendo lake uliloliandika mbele ya jina lake. Kwa yule mkurugenzi ambaye kalamu ilisita, andika ukweli mdogo ulio nao, mathalani kwamba ndiye aliyesaini barua ya uteuzi. Kwa Mzee Juma, ikiwa zamu yake haikumruhusu kuja ukumbini, mpe kipande cha video kinapotajwa kisa cha ndoo, maana akisimuliwa na wengine atadhani wanamtania.